Masaa ya usingizi wa mtoto na hesabu ya jirani

"Shikamoo daktari. Binti yangu ana miezi 5. Alizaliwa wiki 4 kabla ya tarehe akiwa na kilo 2.5, sasa ana kilo 6.3, na ananyonya tu. Nimeandika usingizi wake wiki nzima. Usiku analala saa 2 hadi saa 11 na nusu alfajiri, anaamka kunyonya mara 3, kama dakika 20 kila mara. Mchana analala vipande vinne: dakika 40, kisha saa moja na dakika 20 nikiwa nimembeba mgongoni, kisha dakika 45, na magharibi dakika 30. Hapa Mikindani, Mtwara, jirani yangu ana mtoto wa umri uleule, anasema wa kwake analala masaa 16: saa 1 usiku hadi saa 1 asubuhi bila kuamka, na mchana masaa 4. Mama mkwe anasema wangu hashibi, nimwanzishie uji. Mwingine kaniambia nimpe piritoni kidogo usiku. Je, mwanangu ana shida?"

Marahaba, mama. Kwa haya uliyoandika, sioni mtoto mgonjwa wala mtoto mwenye njaa. Piritoni usimpe, na uji usubiri. Sababu nitazieleza huko mbele, lakini hayo mawili nimetaka uyasikie kwanza kabla hujamaliza kusoma.

Tuanze na daftari lako, maana umefanya kazi ambayo wazazi wengi hawaifanyi. Kutoka saa 2 usiku hadi saa 11 na nusu alfajiri ni masaa tisa na nusu. Toa saa moja ya kunyonya, yanabaki masaa nane na nusu. Mchana, ukijumlisha vile vipande vinne, unapata masaa matatu na robo. Jumla ni masaa 11 na dakika 45 kwa usiku na mchana.

Sasa tuangalie viwango. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa usingizi kwa watoto wadogo. Mtoto wa tangu kuzaliwa hadi miezi 3 anatarajiwa kulala masaa 14 hadi 17. Wa miezi 4 hadi 11, masaa 12 hadi 16. Mwenye mwaka mmoja hadi miwili, masaa 11 hadi 14, na wa miaka mitatu na minne, masaa 10 hadi 13. Yote hayo ni jumla ya usiku na mchana, na hapa ndipo wazazi wengi wanapoanza kuhangaika bure: mtu anasikia "masaa 14" anadhani ni ya usiku peke yake, kisha anamwona mwanawe anaamka alfajiri na kuamini kuwa nusu ya usingizi imepotea.

Binti yako yuko dakika 15 chini ya ule mstari wa 12. Najua jicho la mama litakwenda moja kwa moja kwenye hizo dakika, kwa hiyo tuzizungumze. Kiwango hiki ni maelezo ya watoto wengi wenye afya wanavyolala, wala si alama ya kufaulu mtihani. Watoto wazima wapo chini yake na juu yake. Kule Zurich, Uswisi, watafiti walifuatilia karibu watoto 500 kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Watoto wa miezi 6 walilala wastani wa masaa 14 na kidogo, lakini karibu wote walikuwa wametawanyika kati ya masaa 10 na nusu na masaa 18. Hebu fikiria: watoto wawili wa mji mmoja, umri mmoja, mmoja anamzidi mwenzake masaa saba, na hakuna aliyeumwa. Na kwa watoto wa chini ya miezi 4 tofauti ni kubwa kiasi kwamba madaktari bingwa wa usingizi wa Marekani, walipopanga viwango vyao mwaka 2016, waliona ni bora wasiweke kiwango chochote kwa umri huo.

Kuna jambo jingine umelitaja kama la kupita, lakini kwangu ni kubwa. Binti yako alizaliwa wiki 4 kabla ya wakati. Usingizi unafuata ukomavu wa ubongo, na ubongo hauruki hatua kwa sababu mtoto amewahi kutoka. Kwa hiyo tunapopima usingizi wake tunahesabu umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Kwa hesabu hiyo ana miezi 4, hana 5. Ukimlinganisha na mtoto wa jirani aliyetimiza miezi yake yote tumboni, unamweka mtoto wa miezi 4 kando ya mtoto wa miezi 5, na katika umri huu mwezi mmoja ni mwingi. Hii ni kwa usingizi na hatua za kukua, kama kukaza shingo na kukaa. Chanjo zake zinabaki kwenye umri wa kuzaliwa, usizisogeze.

Kwa nini basi watoto wanatofautiana hivi? Usingizi unaendeshwa na mambo mawili. La kwanza ni uchovu unaojilimbikiza kila dakika mtoto anapokuwa macho, kama ndoo inayojazwa na bomba linalodondosha tone kwa tone. Ndoo ikijaa, mtoto analala, na akilala inapungua. Mtoto mchanga ana ndoo ndogo, ndiyo maana hawezi kukaa macho hata masaa mawili bila kusinzia. Anavyokua inapanuka, anakaa macho muda mrefu zaidi, na vipande vya mchana vinapungua kutoka vinne hadi vitatu, viwili, kisha kimoja. Kasi ya kujaa haifanani kwa watoto wote, na sehemu ya tofauti hiyo ni ya kurithi. Muulize mama mkwe kwa upole baba wa mtoto alilalaje utotoni. Mara nyingi jibu linafundisha.

La pili ni saa ya mwili, ile inayomwambia mtu sasa ni usiku. Mtoto anazaliwa bila hiyo. Homoni ya usingizi huanza kufuata mpangilio wa mchana na usiku karibu na mwezi wa pili au wa tatu, na huendelea kukaa sawa miezi inayofuata. Mwanga wa asubuhi unaisaidia, na huku kwetu jua linachomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, jambo ambalo ni neema kwa mtoto. Kufungua dirisha asubuhi na kukaa naye barazani kunafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Juu ya hayo mawili, usingizi wa mtoto unakwenda kwa mizunguko ya kama dakika 50 hadi 60. Mwisho wa kila mzunguko anakuja juu, anapepesa macho, anajinyoosha, pengine anatoa sauti, kisha anaingia mzunguko mwingine. Watoto wote wanaamka namna hii mara kadhaa kila usiku, pamoja na yule wa jirani yako. Watafiti waliporekodi watoto usiku kwa kamera waliona watoto wengi wakifungua macho na kutazama giza dakika kadhaa, kisha wakalala tena bila kulia, na asubuhi wazazi wakasema mtoto hakuamka kabisa. Tofauti kati ya mtoto "anayelala usiku kucha" na wako, kwa sehemu kubwa, ni kwamba wako anaita na yule haiti. Na mtoto anayenyonya, aliyezaliwa kabla ya wakati na bado anafidia uzito, ana sababu nzuri ya kuita mara tatu.

Sasa tuje kwenye yale masaa 16. Simwiti jirani yako mwongo, na inawezekana kabisa mtoto wake analala hivyo. Lakini nataka uone hesabu ya namna hii inavyotengenezwa, kwa sababu naisikia kliniki mara kwa mara. Saa 1 usiku ndipo mtoto anapoingizwa kwenye neti. Kusinzia kwenyewe kunaweza kuchukua nusu saa. Usiku, kama analala ubavuni mwa mama, anageuka, anapata titi, ananyonya huku mama mwenyewe yuko nusu usingizini, na asubuhi mama hakumbuki lolote. Kama analala na bibi yake, mama hana hata habari. Alfajiri mtoto anafungua macho saa 12 na anachezea vidole vyake kimya, na kwa kuwa hakulia, inahesabiwa kuwa alilala hadi saa 1. Mchana, muda wote aliokuwa ametulia mgongoni mwa mama wakati wa kubangua korosho unaitwa usingizi, ingawa nusu yake alikuwa anatazama watu. Ukitoa nusu saa hapa na nusu saa kule, masaa 16 yanaweza kuwa 14 bila mtu yeyote kudanganya.

Wewe umehesabu kwa namna nyingine kabisa. Umeandika hata dakika za kunyonya, nami nikazitoa, ingawa katika baadhi yake binti yako huenda alikuwa amefumba macho na kulala huku ananyonya. Kwa hiyo namba yako ni ya chini kidogo kuliko ukweli na ya jirani huenda ni ya juu kidogo kuliko ukweli. Mnapozilinganisha barazani, mnalinganisha namna mbili za kuhesabu. Watoto wenyewe hawamo katika ulinganisho huo.

Na hata kama namba zote mbili zingekuwa sahihi kabisa, bado zisingekuambia kitu kuhusu afya ya binti yako. Mtoto unampima kwa mambo yake mwenyewe. Jambo la kwanza ni kadi ya kliniki. Alizaliwa na kilo 2.5, sasa ana 6.3: ameshazidisha uzito wake mara mbili, na kwa mtoto wa kike wa umri wake wa kusahihishwa, miezi 4, kilo 6.3 iko karibu kabisa na katikati ya watoto wenzake duniani. Mtoto asiyeshiba hapandi hivyo. Jambo la pili ni anavyokuwa akiwa macho: kama anakutazama, anatabasamu, anafuata sauti, anarusha miguu, basi ubongo wake unapata usingizi wa kuutosha. Jambo la tatu ni mwenendo wake mwenyewe. Kama wiki hii analala karibu sawa na wiki iliyopita, hiyo ndiyo njia yake. Akibadilika ghafla ndipo ninapotega sikio.

Kuhusu uji. Namheshimu mama mkwe, na nia yake ni njema, lakini kuamka usiku mara tatu kwa umri huu hakuthibitishi njaa ya chakula. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba watoto wanaonyonya walioanzishiwa chakula mapema, kabla ya miezi 6, walilala zaidi kidogo tu: kama robo saa kwa usiku. Sikufichi matokeo hayo. Lakini yapime kwa mazingira yetu. Uji mwepesi unajaza tumbo dogo kwa maji na wanga, mtoto ananyonya kidogo, na maziwa yako yanapungua kwa sababu titi linatengeneza kulingana na linavyonyonywa. Maji au kikombe kisipokuwa safi, unaleta kuhara. Robo saa ya usingizi haistahili bei hiyo. Miezi 6 ikitimia, utaanza uji mzito ukiendelea kunyonyesha. Kwa kuwa alizaliwa mapema, muulize muuguzi wa kliniki siku hiyo amwangalie kama anakaa kwa kushikwa na shingo imekaza.

Piritoni ni jambo la kukataa moja kwa moja. Ni dawa ya mzio, na usingizi inaouleta ni madhara yake. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja haitolewi kwa ajili ya kulaza. Inaweza kupunguza upumuaji, na kijiko cha nyumbani hakina kipimo, kwa hiyo "kidogo" ya leo inaweza kuwa mara mbili ya jana. Baadhi ya watoto inawageuza, wanahangaika usiku kucha badala ya kulala. Kinachonitisha zaidi ni kwamba mtoto aliyelazwa kwa dawa anaweza kuwa anapandisha homa na wewe ukadhani amepumzika.

Kosa la tatu hukulitaja, lakini mama akishalinganisha huwa analifikia mwenyewe: kumlaza mapema zaidi ili namba ifanane na ya jirani. Fanya hesabu. Binti yako anatumia karibu masaa 12 kwa siku. Ukimlaza saa 12 na nusu jioni kwa lazima na kutarajia aamke saa 1 asubuhi, umempangia usiku wa masaa kumi na mbili na nusu, na mchana bado analala masaa matatu na robo. Masaa yasiyo na usingizi wa kuyajaza lazima yatokee mahali fulani, na yatatokea usiku wa manane, mtoto macho makavu, wewe umechoka unasema amekuwa mkorofi. Ndoo haikuwa imejaa tu. Saa 2 usiku inamfaa, endelea nayo.

Kama unataka kupunguza uchovu wako, ningejaribu jambo moja tu. Kile kipande cha magharibi, kama kinapita saa 12 na nusu, kisogeze kiishe mapema kidogo, ili akae macho kama saa moja na nusu kabla ya saa 2. Usiku anapolia, subiri kidogo usikilize: akinung'unika tu, huenda yuko kati ya mizunguko na atajirudia. Akilia kweli, mnyonyeshe gizani bila maongezi, umrudishe chali kwenye neti, bila mto. Jaribu kwa wiki moja au mbili. Lisipobadilika lolote, usijilaumu. Bado ni mdogo. Kipindi cha joto kali la kuanzia Novemba nacho huwaamsha watoto, hivyo mvue nguo nzito na upitishe hewa. Na mchana akilala, lala nawe hata dakika 20. Vyombo vitaoshwa.

Sasa niseme ni lini ningetaka kumwona mtoto uso kwa uso. Kama uzito umesimama au mstari kwenye kadi umeshuka kati ya kliniki mbili, mlete hata kama analala masaa 16. Kama anakoroma karibu kila usiku, au unaona pumzi inakatika kisha anashtuka kwa kutafuta hewa, mlete. Ukiweza, mrekodi kwa simu dakika mbili, inatusaidia sana. Kama jumla yake inabaki chini ya masaa 10 kwa wiki kadhaa, na mchana yuko na hasira asiyebembelezeka, mlete pamoja na daftari lako.

Yapo ambayo hayasubiri kliniki. Huku kusini malaria bado ni nyingi, na dalili inayoniogopesha zaidi kwa mtoto mdogo ni kulala kupita kawaida yake. Mtoto aliyekuwa akilala masaa 12 akaanza ghafla kulala mfululizo, haamki kunyonya, au ukimwamsha analegea na hakutazami, huyo ni mgonjwa hadi apimwe. Vivyo hivyo akiwa na homa, degedege, kupumua haraka huku mbavu zikibonyea, kutapika kila anachonyonya, midomo kubadilika rangi, au utosi kuvimba. Hapo mpeleke kituo cha afya kilicho karibu saa hiyohiyo, usiku au mchana, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula kama ndiyo rahisi kwako kuifikia, na umwambie mhudumu tangu mlangoni kwamba mtoto haamki kunyonya, ili asiwekwe kwenye foleni.